Hatua za MHz 15: Kuongeza Kasi ya Kadi ya Michoro Bila Kuiumiza

Kwenye maelezo ya kiwanda ya kadi ya michoro ya GeForce RTX 3060, kasi ya juu ya chipu imeandikwa MHz 1777. Ifunge kwenye kompyuta, fungua gemu nzito, kisha tazama namba halisi wakati mchezo unaendelea. Utaona 1890, pengine 1920, na hakuna aliyegusa chochote. Kadi imejiongezea kasi yenyewe.

Ni vizuri kulielewa jambo hili kabla ya kuanza, kwa sababu wengi wanaoingia kwenye kuovakloki hudhani wanaikuta kadi imelala na wao ndio wanaoiamsha. Sivyo. Nvidia waliweka ndani ya kadi zao utaratibu uitwao GPU Boost. Utaratibu huo hutazama mambo matatu muda wote: joto la chipu, wati zinazotumika na volteji iliyopo. Palipo na nafasi hupandisha kasi, na nafasi ikibana huishusha. Namba ya kiwandani ni ahadi tu kwamba kadi yoyote ya aina hiyo, hata iliyozaliwa dhaifu kuliko zote, itaweza kuifikia. Kilichobaki juu ya hapo hutofautiana kati ya kadi na kadi. Unaweza kununua mbili za modeli moja, kutoka duka moja la Kariakoo, moja ikapanda vizuri na nyingine ikagoma mapema.

Ndani ya kadi kuna orodha inayosema: kwa volteji hii, chipu iende kasi hii. Ukiichora orodha hiyo unapata mstari unaopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Unapoandika nyongeza ya MHz 60 kwenye programu ya kuovakloki, unauinua mstari wote kwa kiasi hicho. Volteji haijabadilika, ila sasa, kwa volteji ileile, chipu inatakiwa kumaliza kazi yake kwa muda mfupi zaidi. Kila pigo la saa linapofika, ishara za umeme ndani ya chipu lazima ziwe zimeshafika zinakokwenda. Pigo likiwahi kuliko ishara, jibu linalochukuliwa si sahihi. Mara nyingi kosa moja la namna hiyo linatosha kuangusha gemu. Kuovakloki kwa namna hii, bila kugusa volteji, ni kutafuta mahali ambapo pigo linakaribia kuwahi, halafu kurudi nyuma kidogo.

Memori ya kadi ni habari nyingine. Haimo ndani ya chipu kuu. Ni vipande vidogo vyeusi vilivyopangwa kuizunguka, vikiwa na saa yake na njia zake za kupitisha data. Kwenye RTX 3060 yenye memori ya gigabaiti 12 za aina ya GDDR6, programu itakuonyesha memori ikienda karibu MHz 7500. Kinachotafutwa huku si wepesi wa kupiga hesabu. Kinachotafutwa ni wingi wa data unaoweza kupita kwa sekunde moja, na hesabu yake ni rahisi:

```
7500 MHz x 2 x 192 bit / 8 = 360 GB/s
8200 MHz x 2 x 192 bit / 8 = 393.6 GB/s
```

Mbili ni kwa sababu kila MHz inayoonyeshwa hapo ina data mbili kwa kila waya. 192 ni idadi ya nyaya za data kati ya chipu na memori. Hivyo nyongeza ya MHz 700 kwenye memori inafungua njia kwa zaidi ya asilimia tisa. Ni nyingi, na ndiyo maana watu huikimbilia. Lakini chipu na memori hushindwa kwa namna mbili tofauti kabisa. Ukizipandisha pamoja halafu kompyuta ikaganda, hutajua nani kagoma. Kwa hiyo tunaanza na chipu peke yake, memori ikiwa pale kiwanda kilipoiacha. Kisha tunairudisha chipu kwenye sifuri na kupandisha memori peke yake. Mwisho tunaziweka pamoja.

Kabla ya hapo tunahitaji vitu viwili: programu ya kupandishia na kipimo cha kulinganishia.

Programu inayotumika zaidi ni MSI Afterburner. Ni ya bure, na inafanya kazi hata kama kadi yako si ya MSI. Ukiifungua utaona vitelezi kadhaa. Vinavyotuhusu ni Power Limit, Temp. Limit, Core Clock na Memory Clock, pamoja na kile cha feni. Kuna kingine kinaitwa Core Voltage, na mara nyingi huwa kimefungwa. Kiache kimefungwa. Volteji ndiyo inayochosha chipu kwa miaka, na kwa kadi ya daraja hili faida yake ni ndogo ukilinganisha na joto inaloleta. Mtu anayeongeza kasi bila kugusa volteji, huku akilinda joto, anafanya jambo ambalo matokeo yake mabaya ya kawaida ni gemu kujifunga au kompyuta kuwaka upya. Hapo hapana moshi wala kadi iliyokufa.

Wengi hupuuza kipimo, na hapo ndipo wanapopotea. Nilitumia Time Spy, iliyomo ndani ya 3DMark. Superposition ya Unigine pia inafaa, na ina toleo la bure. Kabla ya kuongeza hata MHz moja, endesha kipimo kadi ikiwa ya kiwandani, mara chache mfululizo, uandike alama za michoro kwenye karatasi. Mara ya kwanza alama zitakuwa juu kidogo kwa sababu kadi bado ni baridi. Zichukue zile zinazokuja baada ya joto kutulia. Kadi ninayoieleza hapa, RTX 3060 ya feni mbili ndani ya kasha lenye hewa ya wastani, ilitulia kwenye alama 8750 hivi. Kasi ya chipu ilikuwa MHz 1890, joto nyuzi 71, na matumizi ya umeme yaligota kwenye wati 170, kikomo chake cha kiwandani.

Ukitaka namba hizo bila madoido ya programu, draiva ya Nvidia huja na amri yake. Fungua dirisha la amri la Windows uandike:

```
nvidia-smi --query-gpu=clocks.gr,clocks.mem,temperature.gpu,power.draw --format=csv -l 2
```

Kila baada ya sekunde mbili itakuandikia kasi ya chipu, kasi ya memori, joto na wati. Iache ikiandika wakati wa majaribio yote, kwa sababu namba unayoomba kwenye kitelezi na namba unayopewa si lazima zifanane.

Sasa joto. Nvidia wameandika nyuzi 93 kuwa kikomo cha juu cha chipu ya RTX 3060, lakini kadi huanza kujipunguza kasi mapema zaidi. Kadiri chipu inavyopata joto, GPU Boost huondoa kipande kimoja kimoja cha MHz 15, na hufanya hivyo hata kabla ya nyuzi 70. Kwa hiyo chumba chako ni sehemu ya hesabu. Kadi iliyopimwa Arusha mwezi wa Julai usiku haitakuwa ileile Dar es Salaam mwezi wa Februari saa nane mchana, dirisha likiwa wazi na feni ya dari inazunguka. Fanya majaribio yako kwenye saa mbaya. Kikomo kilichopatikana kwenye ubaridi kinaweza kukuangusha siku ya joto.

Kabla ya kwenda mbali, fungua kasha utoe vumbi. Kadi ya mtumba inayofika nyuzi 83 ikiwa bado kwenye kasi ya kiwandani haina deni la kuovaklokiwa. Inadai usafi na pengine mafuta mapya ya kupitishia joto kati ya chipu na bamba lake. Yatengeneze hayo kwanza. Kisha weka feni ipande mapema kidogo, kwa mfano asilimia 70 joto linapofika nyuzi 70, kama kelele yake utaivumilia. Kwenye kadi hii hatua hiyo peke yake ilishusha joto hadi nyuzi 65, na kasi ikapanda kwa MHz 15 bila kitu kingine kuguswa.

Kitelezi cha Power Limit kinaweza kusogezwa hadi mwisho kama kompyuta yako ina pawasaplai ya kuaminika. Kwenye kadi nyingi za aina hii mwisho huo uko karibu, na hauongezi volteji kupita mipaka ya kadi. Unairuhusu tu kukaa juu kwa muda mrefu zaidi. Nvidia wanapendekeza pawasaplai ya wati 550 kwa RTX 3060. Kama yako ni ya bei ya chini sana na haina jina, acha kitelezi hicho kwenye 100. Pawasaplai dhaifu huzima kompyuta yote ghafla, kama mtu aliyechomoa waya ukutani. Hiyo ni dalili tofauti na za chipu, na hautaiponya kwa kupunguza MHz tano.

Tunaanza kupanda. Kwenye kadi hizi kasi ya chipu husogea kwa vipande vya MHz 15. Ukiandika +50 huenda ukapewa +45. Ukiandika +52 utapewa hiyohiyo. Kwa hiyo tumia namba zinazogawanyika kwa 15. Ya kwanza inaweza kuwa +60, kwa sababu karibu kila RTX 3060 huimudu. Bonyeza alama ya tiki, endesha kipimo, soma alama. Baada ya hapo panda kwa MHz 30 kila mara.

Kwenye kadi yetu +60 ilipita, +90 ikapita, +120 ikapita, na kila hatua alama zilipanda kidogo. Kwenye +150 kipimo kilisimama katikati, kioo kikawa cheusi kwa muda mfupi, picha ikarudi, na programu ya kipimo ikawa imejifunga. Hivyo ndivyo chipu inavyoshindwa. Windows humpa kila mwenye kadi sekunde mbili: kadi isipojibu katika muda huo, mfumo unaiwasha upya draiva peke yake badala ya kuiacha kompyuta yote ining'inie. Ukifungua Event Viewer baada ya tukio kama hilo, utakuta mstari wenye jina nvlddmkm. Hilo ndilo faili la draiva ya Nvidia, na kulikuta hapo ni ushahidi kwamba kadi ndiyo iliyosita. Baada ya kosa la namna hii, anzisha upya kompyuta kabla ya jaribio linalofuata, kwani draiva iliyoanguka mara moja inaweza kuendelea kutoa matokeo ya ajabu hata kwenye kasi salama.

Basi tunarudi +120, iliyopita kipimo bila shida. Wengi huishia hapa, na kesho yake wanalaumu gemu. Mzunguko mmoja wa Time Spy ni wa dakika chache, na gemu huchezwa kwa saa nyingi. 3DMark ina jaribio la ustahimilivu linalorudia sehemu moja mara 20 mfululizo, na linahesabu kadi kuwa imefaulu kama kasi ya picha kati ya mizunguko haikuyumba chini ya asilimia 97. Kadi yetu ilifaulu jaribio hilo kwenye +120. Kisha ilikaa kwenye gemu yenye mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kwa miale, ile teknolojia ya reitresingi, na ndani ya nusu saa gemu ikajifunga.

Sababu inafaa kufafanuliwa. Chipu hii ina sehemu mbalimbali zenye kazi tofauti: zile za hesabu za kawaida, zile za kufuatilia miale ya mwanga, na zile zinazotumika na DLSS. Time Spy haigusi za miale hata kidogo. Kasi ambayo sehemu moja inaimudu, nyingine inaweza kushindwa nayo, na zote zinafuata saa moja. Kwa hiyo kipimo chako lazima kifanane na kazi yako. Kama unacheza gemu za miale, jaribu na gemu za miale. Kama unahariri video au kuchora kwa Blender, mpe Blender kazi ndefu uliyoifanya kweli, siyo mfano wa dakika moja.

Kuna mtego mwingine upande wa pili. Watu husikia kwamba FurMark ndiyo jaribio kali kuliko yote, wanaiendesha saa nzima, kadi inavumilia, wanaamini wamemaliza. FurMark hula umeme mwingi kiasi kwamba kadi inagonga kikomo chake cha wati na kujishusha mwenyewe hadi kasi ya chini. Itazame ile orodha ya nvidia-smi wakati FurMark inaendelea: kasi itakuwa chini sana ya ile unayoiona kwenye gemu. Umepima joto na feni, lakini sehemu ya juu ya mstari, palipo na kasi kubwa zaidi, haijaguswa kabisa. Huko juu kadi hufika wakati kazi ni nyepesi na wati zimebaki: kwenye menyu ya gemu, kwenye skrini ya kupakia, kwenye tukio dogo la video. Ndiyo maana unakuta kadi iliyovumilia jaribio zito inaanguka mtu akiwa anachagua silaha kwenye menyu. Kwa hiyo changanya kazi: nzito, ya kati, nyepesi, na kubadilisha haraka kati ya moja na nyingine.

Kadi yetu ilishushwa kipande kimoja hadi +105. Hapo gemu ileile ilikaa jioni nzima bila kutetereka, na hiyo ndiyo namba tuliyoiandika kwa upande wa chipu. Alama za Time Spy zilisimama karibu 9050.

Rudisha Core Clock kwenye sifuri, uende kwenye memori. Hatua za memori zinaweza kuwa kubwa, MHz 200 kwa kila mara. Dalili za kushindwa huku huonekana kwa macho. Memori iliyozidiwa hutoa vidoti vya rangi vinavyometameta, vijisanduku vinavyoruka kioo kizima, kuta za gemu zinazopoteza sura, au mistari inayokatiza picha. Ukiona hata kidoti kimoja ambacho hakikuwepo, hapo umeshapita. Usijiambie kwamba ni kidogo na macho yatazoea, kwa sababu kosa linaloonekana kwenye rangi linaweza pia kutokea kwenye data ambayo si rangi, na kwa mtu anayehariri kazi ya mteja hilo ni faili lililoharibika.

Lakini macho hayatoshi. Kadi za GDDR6X kama RTX 3080 zina utaratibu wa kugundua data iliyoharibika njiani na kuituma upya. Picha inabaki safi kabisa, huku muda ukipotea kwenye kurudia. Mwenye kadi anaona +1200 imekubali, anafurahi, kumbe kadi yake inakwenda polepole kuliko alipokuwa kwenye +800. Njia pekee ya kuligundua hilo ni alama. Na tabia ya kupima alama kila hatua inafaa kwa kadi yoyote, iwe na utaratibu huo au isiwe nao. Alama zikiacha kupanda, mwisho wako ni pale zilipokuwa bado zinapanda. Zikianza kushuka, umeshapita.

Kwenye kadi yetu, +200, +400 na +600 zilipandisha alama kwa ulaini. +800 iliongeza kidogo sana. Kwenye +1000 vidoti vya kijani vilionekana angani kwenye Superposition. Tulirudi hadi +700, na hatukusogea tena. Hapo palikuwa na sababu ya ziada ya kuacha nafasi: RTX 3060 kwa kawaida haikuonyeshi joto la memori. Namba ya joto unayoiona ni ya chipu kuu, ambayo bamba lake la kupoozea ni zuri. Vipande vya memori vinaweza kuwa na joto kubwa zaidi nawe usijue. Pale usipoona joto, bakiza nafasi zaidi. Programu ya OCCT ina jaribio la memori ya kadi linaloandika na kusoma data huku likihesabu makosa. Liendeshe hadi mwisho, na kosa hata moja ni sababu ya kushuka.

Sasa tunaviweka pamoja, na namba hazijumlishiki kama unavyotegemea. Chipu na memori zinakula kutoka bajeti moja ya wati, kama ndugu wawili wanaotumia pochi moja. Memori ikienda kasi inakula wati zaidi, na kilichobaki kwa chipu kinapungua. Kwenye kadi yetu, +105 na +700 pamoja zilifanya chipu ishuke kwa vipande viwili kwenye matukio mazito, kwa sababu wati zilikuwa zimefika mwisho. Bado jumla ilikuwa juu: alama 9320, kutoka 8750 za mwanzo. Ni ongezeko la asilimia 6 na nusu. Kwenye gemu iliyokuwa ikitoa fremu 60 kwa sekunde, tegemea 63 au 64. Mtu akikuahidi asilimia 20 kwa kadi hii kwa kusogeza vitelezi tu, muulize alama zake za kabla na za baada.

Kama jaribio la pamoja likianguka wakati kila upande ulipita peke yake, punguza chipu kwanza kwa MHz 15. Ikiwa bado, punguza memori kwa 100. Usipunguze vyote kwa pamoja, maana utapoteza kasi ambayo haikuwa na kosa.

Wapo wanaoamua kwenda njia ya pili baada ya kuona hesabu hiyo ya wati. Kwenye Afterburner, bonyeza Ctrl+F na ule mstari wa volteji na kasi utafunguka mbele yako. Badala ya kuuinua wote, unachagua nukta moja ya volteji ya chini kidogo, unaipandisha hadi kasi unayoitaka, na kuulaza mstari wote ulio kulia kwake. Chipu inafikia kasi ileile au ya karibu kwa volteji ndogo, wati zinabaki, joto linapungua, feni inanyamaza. Kwa chumba cha pwani kisicho na kiyoyozi, ningeanza na njia hii kabla ya kufukuzia MHz za mwisho. Majaribio ni yaleyale, na chipu iliyonyimwa volteji huanguka kwa dalili zilezile za ile iliyoongezwa kasi.

Katika hatua zote hizi kuna kitufe kimoja cha kujihadhari nacho. Afterburner ina alama ndogo ya Windows inayoamuru namba zako ziwekwe kila kompyuta inapowaka. Usiiwashe hadi majaribio yote yawe yamekwisha na siku kadhaa za matumizi ya kawaida zimepita. Ikiwa haijawashwa, namba mbaya haina madhara ya kudumu: kompyuta ikiganda, shikilia kitufe cha kuzimia, iwashe upya, na kadi inaamka ikiwa ya kiwandani. Ukiwa umeiwasha mapema na namba mbaya, kompyuta inaweza kuganda kila inapofika kwenye dawati. Hapo itabidi uingie kwa Safe Mode, ambako draiva ya Nvidia haiamshwi, uiondoe Afterburner ndipo uanze upya.

Umeme unaoyumba nao huchanganya majibu. Kama taa za nyumba zinapunguza mwanga kila friji inapoamka, jaribio lililoanguka saa hiyo halijakuambia lolote kuhusu kadi. Lirudie umeme ukiwa umetulia, au uendeshe kompyuta kwenye yupiesi inayoweza kubeba mzigo wake.

Namba zilizothibitika zihifadhi kwenye moja ya vitufe vya Profile vilivyopo chini ya dirisha la Afterburner, na nyingine iwe ya kiwandani, sifuri kila mahali. Draiva mpya ikitoka, au gemu mpya ikifika, kilichokuwa imara kinaweza kutikisika, kwa sababu kazi mpya inagusa chipu kwa namna mpya. Gemu ikijifunga bila sababu miezi mitatu baadaye, bonyeza ile Profile ya sifuri na uicheze tena sehemu ileile. Ikipita, kosa ni la nyongeza yako. Ondoa MHz 15 kwenye chipu na ujaribu tena. Ikiendelea kujifunga hata kwenye sifuri, kadi haina hatia, na sasa unaweza kwenda kutafuta kosa kwenye draiva, kwenye memori ya kompyuta, au kwenye gemu yenyewe.